Kurekodi na Kunukuu Mahojiano Penye Kelele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwandishi wa habari na mwanafunzi anayefanya mahojiano Mwanjelwa, Kabwe, Igurusi, Ipogolo, au popote Nyanda za Juu Kusini ambako watu hawana muda wa kukufuata hadi ofisini. Simu ya kawaida inatosha kwa karibu kila kitu kilichoelezwa hapa.

Ni programu gani nzuri zaidi ya kurekodi sokoni?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, ila jibu lake halina uzito mkubwa. Programu huhifadhi tu kile kilichofika kwenye maiki. Sauti ya mama muuza mchele na mngurumo wa mashine ya kukoboa zikishafika kwa nguvu inayolingana, hakuna programu itakayozitenganisha vizuri, iwe ya bure au ya kulipia.

Hata hivyo ipo sifa moja ya kuitafuta: programu ikuruhusu kuchagua aina ya faili na kuzima marekebisho ya sauti yanayofanyika yenyewe. Kwa Android, Easy Voice Recorder inakupa nafasi hiyo. Kwa iPhone, Voice Memos iliyokuja na simu inatosha. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya ubora wa sauti, chagua Lossless. Ukishapata programu moja inayofanya kazi, izoee hadi vidole viijue. Kubadilisha programu kila wiki hakutakupa sauti safi.

Simu niiweke wapi?

Karibu na mdomo wa anayezungumza kuliko unavyodhani inafaa. Kwenye eneo la wazi, kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yake inapanda kwa desibeli 6 hivi, wakati kelele za mbali zinabaki vilevile. Simu iliyolala mezani sentimita 80 kutoka mdomoni, ukiisogeza hadi sentimita 40 na kisha 20, umepata desibeli 12. Hakuna kifaa wala programu itakayokupa faida kama hiyo kwa bei ya kunyoosha mkono.

Tuchukue mfano wa Igurusi, wilayani Mbarali, penye mashine nyingi za mpunga kando ya barabara kuu ya Tanzam. Mwanafunzi anataka kuzungumza na mama anayenunua mpunga, kuukoboa na kuuza mchele kwa wenye malori. Mama amesimama mlangoni mwa mashine, mashine inanguruma, jirani amefungulia muziki, lori linapiga honi. Kabla ya swali lolote, mwanafunzi anatazama kelele inatoka wapi. Anamwomba mama wasogee nyuma ya rundo la magunia yaliyojaa, kwa kuwa magunia yanaukinga mngurumo na kuumeza kwa kiasi, ilhali ukuta wa saruji huurudisha. Kisha anashika simu upande wa chini ukielekea kwa mama, kwa sababu tundu la maiki kuu liko karibu na mahali pa kuchajia, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi kama «p» na «b» isipige maiki moja kwa moja.

Anarekodi nusu dakika, anasimamisha, anasikiliza kwa hedifoni. Bila hedifoni mahali kama hapo utajidanganya, kwani masikio yako bado yamejaa mashine. Akisikia kila silabi bila kukaza akili, anaendelea. Asiposikia, wanahama tena.

Na mahali bora kuliko pote katika mazingira hayo mara nyingi ni kabini ya lori au gari dogo lililoegeshwa, injini imezimwa na vioo vimepandishwa. Viti laini vinaua mwangwi na milango inazuia sehemu kubwa ya kelele. Mwombe dereva kwa heshima, mweleze ni dakika ngapi. Lakini usimfungie mtu ndani ya gari pamoja nawe peke yenu iwapo unaona hana raha na jambo hilo. Mwambie msaidizi au mtu wake wa karibu akae kiti cha nyuma.

Je, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo itasaidia?

Inasaidia sana, na sababu yake ni ileile ya umbali. Nyingi za bei nafuu hupokea sauti kutoka pande zote, kwa hiyo hazina ujanja wa kuchuja kelele. Faida yao ni kukaa karibu na mdomo muda wote bila wewe kuchoka mkono. Ibane kifuani, kama sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Ukimhoji mama au mzee, mpe aibane mwenyewe na umwonyeshe kwa kuigiza kwenye nguo yako.

Mwezi wa Juni na Julai huku kwetu watu wamevaa makoti na masweta, na mahojiano mengi huharibiwa na zipu au khanga inayosugua maiki. Ibane nje ya nguo ya juu kabisa, mbali na mkufu na mtandio. Mkwaruzo huo ukisikika kwenye jaribio la nusu dakika, usiseme utavumilika. Utakaa juu ya maneno yenyewe.

Kuna hitilafu moja inayowapata wengi bila kujua: maiki imechomekwa, lakini simu inaendelea kutumia maiki yake ya ndani. Maiki za pini zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera zina mikanda miwili myeusi kwenye pini, na simu nyingi hazizitambui. Zinazofaa kwa simu zina mikanda mitatu. Ikiwa simu haina tundu la pini na unatumia kiunganishi cha USB-C, jaribu kwanza nyumbani, kwa sababu baadhi ya viunganishi havikubaliani na baadhi ya simu. Kipimo ni rahisi: anza kurekodi, kwaruza maiki kwa ukucha, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu. Mkwaruzo mkubwa uko upande gani? Hapo ndipo sauti inaponaswa.

Vifaa vya masikioni vya Bluetooth visitumike kurekodi mahojiano. Vingi, maiki yake inapofunguliwa, hushusha ubora wa sauti hadi kiwango cha mazungumzo ya simu.

Upepo na mvua je?

Aliyefanya kazi Makambako anajua upepo wake. Upepo ukipiga maiki hutoa mdundo mzito unaofunika maneno, na sifongo dogo linalokuja na maiki linazuia upepo mdogo tu. Kinachofanya kazi ni kifuniko cha manyoya bandia. Usipokuwa nacho, mgeuze mwenzako hadi mgongo wako uwe ndio unaopokea upepo, nawe usogee karibu naye.

Mvua juu ya mabati haina dawa. Subirini ipungue, au hamieni chumba chenye dari.

Nitumie mipangilio gani?

Rekodi kwa WAV ikiwa una nafasi, mono, 44.1 kHz na biti 16. Saa moja itakula takriban MB 320. Ukiwa na nafasi ndogo, m4a ya kbps 128 inatosha kabisa kwa unukuzi na hata kwa redio, na saa moja huchukua chini ya MB 60. Usishuke sana zaidi ya hapo. Faili lililobanwa mno hupoteza kwanza sauti nyembamba za «s», «f» na «sh», nazo ndizo zinazokusaidia kutofautisha maneno penye kelele.

Jambo la pili ni marekebisho ya sauti yanayofanyika yenyewe. Programu nyingi huongeza sauti kunapokuwa kimya na kuipunguza kunapokuwa na kishindo. Mahali penye utulivu hilo halina shida. Stendi ya mabasi, mama akinyamaza kufikiri, programu inapandisha makelele yote ya wapiga debe. Honi ikilia, inashusha kila kitu na maneno mawili yanayofuata yanazama. Ukisikia rekodi inayopumua namna hiyo, kupanda na kushuka, zima kipengele hicho na upange kiwango mwenyewe. Alama ya sauti iwe inacheza katikati au juu kidogo ya katikati mtu anapozungumza kwa kawaida. Ikigonga mwisho, sauti inakatwa kichwa na haitarudi.

Kipengele cha kupunguza kelele wakati wa kurekodi nacho nashauri kizimwe. Kikikosea, kinafuta na mwanzo wa maneno, na faili la asili hutakuwa nalo.

Kabla ya kuanza weka simu kwenye Hali ya ndegeni. Simu ikiita katikati ya mahojiano, rekodi inaweza kusimama bila wewe kuona.

Kelele zinaweza kuondolewa baadaye kwenye kompyuta?

Baadhi. Tofauti iko kwenye tabia ya kelele. Mngurumo usiobadilika, kama wa mashine ya kusaga, jenereta au friji la soda, unapungua vizuri. Muziki, watoto na watu wanaoongea nyuma hawaondoki, kwa sababu kwa programu ni sauti kama ile unayoitaka.

Audacity ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Ndiyo maana inafaa, ukiwa pale sokoni, kurekodi nusu dakika ya kelele tupu bila mtu kuzungumza karibu na maiki. Nyumbani unachagua kipande hicho, unafungua Noise Reduction, unabonyeza Get Noise Profile, kisha unachagua rekodi nzima na kuirudia amri hiyo ukiwa na kiwango cha desibeli 6 au 9. Kiwango cha juu kama 12, penye kelele nyingi, huanza kuitoa sauti ya mtu kama anazungumza ndani ya ndoo ya maji. Ukisikia hivyo, punguza. Kabla ya hapo tumia High-Pass Filter kwenye 100 Hz kuondoa mdundo wa upepo na magari.

Fanya yote haya kwenye nakala. Na usitarajie kwamba unukuzi wa mashine utakuwa bora kwa sababu tu wewe unasikia vizuri zaidi. Mara nyingine sauti iliyosafishwa sana huichanganya mashine kuliko ile yenye kelele kidogo. Jaribu dakika mbili za kila moja, ulinganishe.

Ni programu gani inanukuu Kiswahili?

Angalia lugha kabla ya kulipia. Programu kadhaa zinazosifiwa mitandaoni ni za Kiingereza na lugha chache kubwa. Ukizipa Kiswahili zinakuandikia takataka zenye sura ya sentensi.

Njia ya kwanza inayokubali Kiswahili ni Whisper, iliyotolewa bure na OpenAI mwaka 2022. Inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Amri yake, ya kuandika kwenye dirisha la amri la kompyuta, ni hii:

```
whisper mahojiano.wav --language sw --model medium --initial_prompt "Igurusi, Mbarali, lumbesa, dalali, mpunga"
```

Usiache kuitajia lugha. Usipoitaja, inakisia kutokana na sekunde 30 za mwanzo, na kama sekunde hizo ni mngurumo wa mashine, inaweza kukisia lugha nyingine kabisa. Maneno ya mwisho kwenye amri ni msaada wa majina ya mahali na ya kazi ambayo haiyajui vizuri. Kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, modeli ya medium huchukua muda mrefu kuliko mahojiano yenyewe. Kama mashine yako ni dhaifu, tumia small, ila makosa yataongezeka.

Njia ya pili ni kuandika kwa sauti kwenye Google Docs, kupitia Chrome: Tools, kisha Voice typing, na kuchagua Kiswahili cha Tanzania. Inahitaji intaneti. Usiiwekee spika ya simu ikicheza rekodi ya sokoni, itachanganyikiwa. Vaa hedifoni, sikiliza sentensi, simamisha, uirudie wewe kwa sauti safi ukiwa chumba kimya. Kwa rekodi zenye kelele nyingi njia hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwani sikio lako linachambua kelele kuliko mashine yoyote, na mashine inabakiwa na kazi nyepesi ya kuandika sauti yako.

Njia ya tatu ni kuandika kwa mkono ukitumia oTranscribe, ambayo inafunguka kwenye kivinjari na kuacha faili kwenye kompyuta yako. Kitufe cha Esc kinasimamisha na kuendeleza, F3 kinapunguza kasi, na Ctrl+J kinaweka muda wa pale ulipo. Saa moja ya mahojiano yenye kelele inaweza kukuchukua siku nzima ya kazi. Panga hivyo tangu mwanzo.

Unukuzi wa mashine unaonekana safi. Je, ninaweza kuutumia?

Hapana, hasa unapoonekana safi. Hapa ndipo habari za uongo zinapozaliwa bila mtu kukusudia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kiswahili kinabeba ukanushi kwenye silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi. Kelele ikifunika «ha», maana inageuka. Turudi kwa mama wa Igurusi. Tuseme amesema hivi: «Lile lori tulipakia magunia themanini, hatukulipwa siku ile.» Mashine inaandika: «Lile lori tulipakia magunia thelathini, tukalipwa siku ile.» Sentensi imenyooka na sarufi haina kasoro, ila mambo mawili yamegeuzwa na mama ameonekana kumsifu mwenye lori aliyemdhulumu. Anayesoma bila kusikiliza hana cha kumshtua.

Kwa hiyo, hata ukikosa muda wa kusikiliza yote, sikiliza tena kila mahali penye ukanushi unaobeba madai, kila namba na kila jina. Sita na saba, themanini na thelathini, laki na elfu, vinachanganywa kila mara penye kelele. Saa pia: mtu akisema saa mbili asubuhi, mashine inaweza kuandika 2:00, na mhariri asiyekuwepo akasoma usiku wa manane. Andika kwa maneno kama alivyosema.

Kuna kosa jingine la ajabu zaidi. Whisper ikikutana na ukimya au kelele tupu, inaweza kubuni maneno. Dalili ni sentensi moja inayojirudia mara tatu nne mfululizo, shukrani za kutazama video ambazo hakuna aliyezitoa, au sentensi nzuri mno mahali ambapo kwenye sauti kuna honi tu. Ukiona mojawapo, futa, nenda kwenye muda huo na usikilize mwenyewe.

Pasiposikika, andika [haisikiki 12:40]. Usijaze kwa kukisia. Njia bora ya kuziba pengo ni kumpigia mama na kumuuliza, nayo huanza palepale sokoni: kila anapotaja namba au jina, rudia baada yake kwa sauti yako. «Magunia themanini, mama?» «Ndiyo, themanini.» Sasa una namba mara tatu kwenye rekodi, kwa sauti mbili tofauti.

Ninayemhoji anachanganya Kiswahili na Kinyakyusa, Kihehe au Kisafwa. Nifanyeje?

Mashine ikiambiwa ni Kiswahili italazimisha kila kitu kiwe Kiswahili, hivyo sehemu hizo zitatoka na maneno yasiyohusiana kabisa. Wakati wa mahojiano angalia muda kila lugha inapobadilika na uandike kwenye daftari. Baadaye kata vipande hivyo na umpe mtu anayeijua lugha, ikiwezekana wa eneo lilelile, kwa sababu Kinyakyusa cha Kyela na cha juu milimani Rungwe havifanani kila kitu. Asikilize sauti, asisome ilichoandika mashine.

Ninaweza kumtumia mhariri rekodi kwa WhatsApp?

Ndiyo, kama Document. Usiicheze karibu na simu na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti. Hubanwa sana, na kelele ya chumba chako inaongezeka juu ya ile ya soko.

Je, ni lazima niombe ruhusa kabla ya kurekodi?

Omba, na ruhusa yenyewe iwe kwenye rekodi. Sema jina lako, unatoka wapi, sauti itatumika wapi, na kama jina lake litatajwa. Kisha acha ajibu kwa maneno yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sauti ya mtu anayetaja jina, biashara na madeni yake ni taarifa binafsi.

Hilo linagusa pia uchaguzi wa programu ya kunukuu. Tovuti nyingi za unukuzi hupeleka faili kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi. Kama mama amekueleza kuhusu dalali anayemtisha, usipandishe rekodi hiyo huko. Inukuu kwa Whisper au oTranscribe, kwenye mashine yako. Na kumbuka kwamba mliposimama nyuma ya magunia, maiki inaweza kuwa imenasa pia mazungumzo ya watu wengine ambao hawakukubali lolote. Hayo hayaingii kwenye unukuzi.

Nikishanukuu, nifute sauti?

Usifute hadi habari imetoka na muda wa malalamiko umepita, au, kwa mwanafunzi, hadi tasnifu imepitishwa. Baada ya hapo fuata ulichomwahidi mhojiwa. Weka nakala mbili mahali tofauti siku hiyohiyo, moja isiwe kwenye simu unayotembea nayo. Lipe faili jina lenye tarehe na mahali, mfano `2025-06-14_igurusi_mchele_01.wav`, bila jina la mtu. Majina na namba za simu viandikwe kwenye daftari lako.